Kumbukumbu za baraza letu la wazee: mpaka wa kisimani, uzio wa 2009 na nazi kumi. Naomba mzisome kabla hatujatia sahihi

Katibu wa Ganda

Assalaam alaykum na hamjambo wote. Mimi ni katibu wa baraza la wazee wa kijiji huku Ganda, nje kidogo ya Malindi. Wiki iliyopita tumemaliza kesi ya mpaka iliyotuchukua vikao vitatu. Pande zote mbili zimekubaliana, lakini sahihi bado hazijatiwa, kwa kuwa niliwaomba wazee siku kumi nisafishe maandishi. Nimeshaona kesi mbili ambazo watu walipatana vizuri chini ya mwembe, halafu karatasi ikawaangusha mbele. Nimepata ruhusa ya pande zote kuweka kumbukumbu hizi hapa. Majina nimeyaondoa. Mmoja nitamwita Jirani wa Juu (ndiye mlalamishi), na mwingine Jirani wa Chini.

Mashamba yao yanapakana kwa mstari unaoanza kwenye mwembe wa boribo ulio kando ya barabara na kushuka hadi kwenye kisima cha zamani ambacho sasa kimekauka. Ni kama mita 140. Pale mwembeni hawana ugomvi, wote wanaukubali mwembe. Ugomvi uko kisimani. Mwaka 2009 Jirani wa Chini alipiga uzio wa seng'enge, na kufika kisimani uzio ukawa umeingia mita 6 upande wa juu, kisima kizima kikabaki ndani yake. Kwa hiyo kipande kinachogombaniwa ni kama kabari: sifuri kwenye mwembe, mita 6 kisimani. Tulipiga hesabu tukapata mita za mraba 420, yaani ekari moja ukiigawa kumi na chenji kidogo. Ndani yake mna minazi 11 iliyopandwa mstari mmoja.

Haya ndiyo tuliyoandika.

MAELEZO YA PANDE MBILI. Jirani wa Juu alisema minazi ile ilipandwa na Jirani wa Chini baada ya uzio, ili kuhalalisha wizi wa ardhi. Jirani wa Chini alisema ilipandwa na marehemu babake mwaka aliofariki Mzee Kenyatta, yaani 1978, na kwamba mnazi wa baba hauwezi kuwa kwenye shamba la mtu mwingine.

SHAHIDI WA KWANZA ni bibi wa makamo ya miaka 80 hivi, jirani wa upande wa tatu, hana undugu na yeyote. Alisema alikuwa akichota maji kisimani pale tangu alipoolewa. Nyumba zote mbili zilichota, na kila nyumba ilisimama upande wake. Kuhusu minazi alisema hakuona ikipandwa, lakini mvua za El Nino za 1997 ziliikuta michanga, imefika kiunoni. Anakumbuka kwa sababu shamba la chini lilifurika na ndizi zake zikafa, na minazi hiyo ikapona kwa kuwa ilikuwa imeinuka kidogo. Aliulizwa: nani aliyeipanda? Akajibu: "Ya mzee wa chini. Lakini pale mahali aliomba."

Baada ya maneno hayo kikao kilikaa kimya kitambo.

SHAHIDI WA PILI ni mkwezi aliyeangua nazi kwenye mashamba yote mawili kwa miaka mingi. Alisema nazi za minazi 11 alikuwa akizipeleka nyumba ya chini. Lakini kila akiangua, kabla hajafunga mzigo, alihesabu nazi kumi akaziweka barazani kwa mzee wa juu. Aliambiwa afanye hivyo na mzee wa chini mwenyewe. Aliulizwa kama zilikuwa zawadi. Akasema zawadi haihesabiwi. Zilikoma mzee wa chini alipofariki, mwaka mmoja kabla ya uzio.

SHAHIDI WA TATU ni fundi aliyepiga uzio. Alisema aliambiwa afuate minazi, hakuonyeshwa mpaka wowote. Hakuwa na zaidi.

KUTEMBEA MPAKA. Wazee wote saba na pande mbili tulishuka kwa miguu. Mkonge wa mpaka uling'olewa mwaka wa uzio, lakini tulipata mashina manne yaliyooza chini ya majani, yamekaa karibu mstari mmoja kati ya mwembe na kisima. Kisimani mdomo wa mawe ya matumbawe bado upo. Mzee mmoja aliupangusa mchanga kwa kiganja, tukaona mikwaruzo ya kamba iliyochimba jiwe kwa kina cha kidole, mahali pawili, moja ikitazamana na nyingine: upande wa juu na upande wa chini. Upande wa barabarani na wa nyuma jiwe ni zima. Nilimwita Jirani wa Chini atie kidole chake mwenyewe. Alitia, akainuka, hakusema kitu.

Halafu tukahesabu pete za minazi mitatu. Mkwezi alipanda na chaki, akapiga alama kila pete kumi. Tukapata 284, 297 na 271.

MAAFIKIANO (rasimu):
Kwanza, Jirani wa Chini amempa Jirani wa Juu kipande cha mita 6 kisimani kinachopungua hadi mwembeni.
Pili, uzio utaondolewa ndani ya siku 30, na nguzo na seng'enge ni mali ya Jirani wa Chini.
Tatu, minazi 11 ni ya nyumba ya chini mpaka kila mmoja ufe wenyewe. Haitapandwa mingine mahali pake. Kila wakiangua, nazi kumi zirudi nyumba ya juu kama zamani.
Nne, gharama za kwenda ofisi ya ardhi nusu kwa nusu.
Tano, atakayevunja arudi barazani kwanza.

Naomba macho yenu. Hasa nataka kujua kama karatasi hii itasimama.

---

Mnyororo wa Mpima

Bwana Katibu, kazi nzuri sana, na hasa hilo la kamba. Mimi nilibeba mnyororo na baadaye kioo cha upimaji kwa miaka 27 pamoja na wapima, kwa hiyo nitasema kama mtu wa uwandani.

Kifungu chenu cha kwanza kifuteni leo. Mmeandika "amempa". Neno hilo moja linageuza kesi nzima. Mtu akimpa mwenzake kipande cha ardhi ya kilimo, hiyo ni uhamisho wa ardhi, na uhamisho unataka kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Msipokipata, makubaliano ni batili kisheria. Na juu yake mtahitaji kugawa ploti na kutoa namba mpya, kwa kipande cha sehemu moja ya kumi ya ekari! Hamkukaa vikao vitatu kwa ajili hiyo.

Na zaidi, siyo kweli. Ushahidi wenu wote unasema ardhi ile haikuwa ya chini hata siku moja. Mzee wa chini aliomba mahali. Sasa mtu atampaje mwenzake kitu kilicho chake? Kilichofanyika barazani ni kuutambua mpaka uliokuwepo. Andikeni hivyo: pande zote zinatambua kwamba mpaka wa zamani ni mstari mnyoofu kutoka mwembeni hadi katikati ya kisima, na kwamba uzio wa 2009 haukufuata mpaka.

Mkishatambua, pelekeni ombi kwa msajili wa ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema ramani ya usajili inaonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ilipoandikwa kwamba mpaka umethibitishwa. Na mahakama haisikilizi ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka msajili auamue kwanza. Kwa hiyo mlango ni wake, na karatasi yenu itamfaa sana kama ushahidi, maana yeye mwenyewe akija atauliza maswali yale yale mliyouliza.

Swali langu: hati zao ni za lini, na mmeiona ramani?

---

Kijana wa Majengo

Samahani wazee wangu, lakini naona huyu wa chini amedanganywa. Uzio ni wa 2009. Hiyo ni miaka 16. Sheria inasema ukikaa kwenye ardhi miaka 12 bila kufukuzwa inakuwa yako. Kwa hiyo ardhi ilishakuwa yake tangu 2021, na baraza limemnyang'anya. Halafu mabaraza ya ardhi ya wazee yalifutwa siku nyingi, sijui hata mnakaa kwa sheria gani.

---

Mnyororo wa Mpima

Mwanangu, una nusu ya neno. Yaliyofutwa ni mabaraza ya migogoro ya ardhi yaliyoundwa kwa sheria ya 1990, ambayo yalikuwa yakitoa hukumu kama mahakama. Yaliondoka ilipokuja sheria ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya 2011. Wazee kupatanisha watu kwa hiari yao hakujafutwa. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inataka njia za jadi za kutatua migogoro zikuzwe, na ibara ya 60 inasema hivyo hivyo kwa ardhi. Tofauti ni kwamba Katibu hawezi kumlazimisha mtu. Anaandika walichokubaliana, basi.

Miaka 12 ni kweli ipo. Lakini haiji yenyewe kama mvua. Lazima mtu aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi, athibitishe kwamba alikaa waziwazi, bila kukatizwa na bila ruhusa ya mwenyewe. Na hapo kwenye ruhusa ndipo nazi kumi zinapouma. Babake aliingia kwa kuomba na akawa analipa. Aliyeingia kwa ruhusa, saa ya miaka 12 haimhesabii.

---

Kijana wa Majengo

Sawa mzee, lakini nazi zilikoma. Mzee alikufa, mtoto akapiga uzio, hakuomba mtu na hakupeleka nazi. Si hapo ruhusa imekufa na saa imeanza?

---

Mnyororo wa Mpima

Hapo umeuliza vizuri, na sitakudanganya kwamba jibu ni jepesi. Wakili wake angeweza kusimama hapo hapo, na wakili wa juu angesema ruhusa iliendelea kwa minazi. Nimeona majaji wakiamua huku na kule kulingana na ushahidi.

Kwa hiyo Bwana Katibu, hili liandikeni. Jirani wa Chini aambiwe waziwazi mbele ya mashahidi kwamba pengine ana dai la miaka 12, apewe siku za kwenda kuuliza anakotaka, na akirudi akisema bado anakubali, iandikwe kwamba amejua na ameliacha. Msipoandika, mwanawe atakuja kusema baba hakujua.

---

Mkwezi Mstaafu

Mimi nataka kusema kuhusu pete, maana hapo ndipo nilipoishi. Mnazi kila ukiangusha kuti, unabaki na pete shinani. Mnazi mrefu wa kienyeji wenye afya huangusha makuti 12 hivi kwa mwaka, au 13. Kwa hiyo pete 284 ni kama miaka 24. Ongeza miaka kama 5 ya mwanzo ambapo mnazi una makuti lakini shina halijatoka juu ya ardhi. Inakuwa 29. Hiyo ni 1996, na bibi amesema El Nino iliikuta imefika kiunoni. Mashaallah, bibi ana kumbukumbu.

Lakini Katibu, msiandike "1996" kama mmeisoma kwenye cheti. Mnazi wenye kiu hautoi 12. Kwenye mchanga mtupu, au ukipigwa na kiangazi, unaweza kutoa 10 au hata pungufu. Na pete za chini kabisa hufutika, mchwa na visu vya watu vinazila. Na vidato! Kama mkwezi wenu alikata vidato vya kupandia, kila kidato kimekula pete moja au mbili, na asiye mzoefu anahesabu kidato kuwa pete. Andikeni kwamba ni kati ya miaka 28 na 34.

Hata hivyo inatosha. Ingekuwa ya 1978, tungetafuta pete 500 na mnazi ungekuwa unagusa mawingu. Ingekuwa ya baada ya uzio, isingefika 140. Kwa hiyo wote wawili walisema uongo mbele ya baraza, au niseme kwa adabu, wote wawili walikosea.

---

Katibu wa Ganda

Mzee wangu mkwezi, shukrani. Vidato vipo, na kweli tulihesabu upande usio na vidato, mkwezi wetu alituambia hivyo hivyo. Nitaandika kati ya 28 na 34.

Kuhusu kukosea, sidhani walidanganya. Jirani wa Juu alikuwa Mombasa kikazi miaka ile yote ya tisini, alirudi 2010 akakuta minazi iko ndani ya seng'enge. Na wa chini alikuwa mtoto mdogo. Kila mmoja alijaza pengo kwa kile alichokiogopa.

Mzee wa mnyororo, hati zote mbili ni za sheria ile ya zamani ya Sura 300, ekari zimeandikwa "takriban". Ramani hatujaiona.

---

Mwana wa Langoni

Salaam kutoka Amu. Katibu, kisima kile kama kimechimbwa kwa ajili ya watu wote basi ni wakfu, na wakfu hauuzwi wala haugawanywi. Mngeita kadhi tu.

Mimi nina kesi kama yenu. Nyumba yetu hapa mjini inashiriki ukuta wa mawe na jirani, na jirani ameinua ghorofa juu ya ukuta huo. Anasema ukuta ni wake kwa sababu hati yake inaonyesha mstari uko nje ya ukuta. Vichwa vya boriti vimeingia ukutani kutoka pande zote mbili, vya kwetu na vya kwao, mimi nimeviona mwenyewe plasta ilipobomoka. Je, na mimi niite wazee wahesabu boriti?

---

Mnyororo wa Mpima

Mwana wa Langoni, kisima cha Ganda hakuna aliyesema kiliwekwa wakfu. Bibi amesema nyumba mbili zilichota, na yeye akachota kama jirani. Wakfu unataka aliyeweka na nia yake ijulikane.

Lakini boriti zako ni ushahidi mzuri, ni ndugu wa hiyo mikwaruzo ya kamba. Ukuta unaobeba dari za nyumba mbili tangu ulipojengwa si ukuta wa mtu mmoja. Piga picha kabla fundi hajapaka plasta tena, na fundi mzee aliyefanya kazi kwenye nyumba hizo aandike alichokiona. Ila fungua uzi wako, maana mji wa kale una sheria zake za ujenzi juu ya za ardhi, tutamchanganya Katibu.

Nirudi Ganda. Bwana Katibu, kaombeni nakala ya ramani kabla hamjatia sahihi. Kama ni ya kipimo cha 1:2,500, mita 6 zenu ni kama milimita mbili na nusu kwenye karatasi, zinaonekana kwa macho. Lakini msitegemee zaidi ya hapo: mstari wa wino wenye unene wa nusu milimita peke yake umefunika mita moja na robo ardhini. Ramani itawaambia kama mpaka unaelekea kisimani au hauelekei. Haitawaambia kama unapita katikati ya kisima au ukingoni.

Na niseme jambo ambalo halitawafurahisha. Mashina ya mkonge msiyape uzito. Mkonge hutembea. Ule wa kwanza ukishatoa mlingoti hufa, na watoto wake huota pembeni kwa mizizi ya chini. Mashina manne mliyoyapata ni wajukuu, huenda wamehama hatua moja au mbili tangu mstari ulipopandwa. Nimeshuhudia wapima wakihamishwa na mkonge mita 3 bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

---

Katibu wa Ganda

Hili la mkonge limenishtua, kwa sababu ndilo lililowaridhisha wazee wengi. Kwa hiyo tubaki na nini? Kamba na nazi?

---

Mnyororo wa Mpima

Kamba zinaonyesha nyumba mbili zilichota kutoka pande mbili. Peke yake haithibitishi mpaka, watu huweza kushiriki kisima kilicho ndani ya shamba la mmoja. Nazi kumi zinaonyesha minazi ilikuwa kwenye ardhi ya juu, lakini hazisemi mpaka ulipita wapi hasa. Bibi anasema mahali paliombwa. Ukiviweka pamoja vinaelekea upande mmoja, na hakuna hata kimoja kinachounga mkono uzio. Hicho ndicho cha kuandika. Andikeni kila shahidi aliona nini kwa macho na alisikia nini kwa watu. Kwa mfano hilo la "aliomba": bibi alikuwepo wakiombana, au alihadithiwa?

---

Katibu wa Ganda

Hatukumuuliza. Nitarudi kwake.

---

Binti Msabaha

Shikamooni wazee. Nimesoma yote na nina swali moja tu. Katibu umesema babake Jirani wa Chini alifariki mwaka mmoja kabla ya uzio, yaani 2008. Hati ya chini iko kwa jina la nani leo? Na huyo mzee alikuwa na watoto wangapi?

Nauliza kwa sababu nyumbani kwetu Msabaha kaka zetu walitia sahihi mpaka na jirani mbele ya wazee, baba ameshatangulia mbele ya haki na hati iko kwa jina lake. Sisi dada watatu tulisikia sokoni. Tulipokwenda kufungua mirathi, karatasi ile ikawa kama haikuandikwa, na jirani akakasirika na sisi ambao hatukuwa hata kwenye kikao.

---

Katibu wa Ganda

Dada, umegusa mahali ambapo hatukugusa. Hati iko kwa jina la marehemu. Mirathi haijafunguliwa. Wako watoto watatu: Jirani wa Chini na dada zake wawili, mmoja ameolewa Mambrui, mwingine yuko Mombasa. Hakuna aliyewaita. Kusema kweli, hakuna aliyewataja katika vikao vyote vitatu, na barazani tuna mama wawili.

---

Mnyororo wa Mpima

Basi mkono uliotaka kutia sahihi si wa mwenye shamba. Mwenye shamba yuko kaburini. Kaka hana mamlaka juu ya mali ya marehemu mpaka apewe usimamizi wa mirathi, iwe kwa kadhi au kwa hakimu, na sheria ya urithi inahesabu kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa. Msajili ataangalia rejista, aone jina la marehemu, awaulize msimamizi yuko wapi.

Na angalieni uzito wake: wa chini ndiye anayeacha kitu. Anaacha kipande, anaacha dai la miaka 12, kama lipo. Hilo dai si lake peke yake, ni la warithi wote watatu.

---

Kijana wa Majengo

Kwa hiyo kazi yote imepotea?

---

Binti Msabaha

Haijapotea. Mashahidi wamesema na maneno yao yameandikwa, na bibi wa miaka 80 amesema akiwa hai, hilo ndilo lisilopatikana tena. Waitwe dada, wasomewe, waulize maswali yao, halafu waamue. Kwetu hata tungekubali mpaka ule ule kama tungeitwa.

---

Mkwezi Mstaafu

Nami niongeze la minazi. "Mpaka kila mmoja ufe wenyewe." Mnazi mrefu ukitunzwa unaishi miaka 60, 80, wengine zaidi. Yenu ina 30. Watakaobaki wakihesabiana nazi kumi ni wajukuu wasiowajua hao mashahidi. Na shamba la juu likiuzwa je? Mnunuzi atakuta minazi 11 si yake na hatakubali mkwezi aingie.

Katika siku zangu niliona watu wakiweka mwisho: miaka kadhaa, au mwenye ardhi ainunue minazi kwa bei ya kukadiriwa. Na muandike njia ya mkwezi, apite wapi na ateremshie nazi wapi. Kugombana kwingi kwa minazi huanzia hapo, juu ya kichwa cha mkwezi.

---

Katibu wa Ganda

Nimerudi baada ya siku tano.

Nilikwenda kwa bibi. Nilimuuliza: ulikuwepo wakiombana? Akasema hapana, alihadithiwa na mke wa mzee wa juu, kisimani, asubuhi moja wakichota. Lakini alimwona mzee wa juu akisimama na mzee wa chini siku mashimo ya minazi yalipochimbwa, akionyesha kwa bakora yake mwisho wa shimo liwe wapi. Nimeandika yote mawili, kila moja mahali pake.

Ramani nimelipia nakala, bado sijaipata.

Jirani wa Chini nilimweleza habari ya miaka 12, na nilimwambia aende akaulize kwa wakili. Alikwenda. Akarudi akasema: "Nimeambiwa naweza kujaribu. Lakini babangu alihesabu nazi kumi. Mimi sitaki kumgeuza babangu mwizi." Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nimeandika pia kwamba ni kauli yake peke yake na haiwafungi dada zake.

Minazi wamezungumza upya na wamekubali miaka 15, njia ya mkwezi ipite kando ya kisima, na shamba la juu likiuzwa kabla ya hapo muuzaji amwonyeshe mnunuzi karatasi hii. Kama mnunuzi atafungwa nayo, hilo sina uhakika na nimewaambia sina uhakika.

Kifungu cha kwanza sasa kinasomeka hivi:

"Pande zote mbili zinatambua kwamba mpaka wa zamani kati ya mashamba haya ni mstari mnyoofu kutoka mwembe wa boribo ulio kando ya barabara hadi katikati ya kisima cha zamani, na kwamba uzio uliopigwa 2009 haukufuata mpaka huo. Hakuna ardhi iliyotolewa, kuuzwa wala kubadilishwa. Pande zote mbili zitamwomba msajili wa ardhi auamue na kuuweka mpaka huu. Kwa kuwa shamba la chini limesajiliwa kwa jina la marehemu, maafikiano haya hayataanza kutumika mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na warithi wote watatu watie sahihi."

Wazee wawili hawajafurahi. Wanasema tumeifanya kesi iliyokwisha ianze upya, na uzio utabaki pale miezi au zaidi. Ni kweli utabaki. Jirani wa Juu amekubali kusubiri kwa sharti moja, kwamba nazi kumi zisisubiri. Juzi mkwezi aliangua, nami nilikuwepo. Alizihesabu kwa sauti barazani, moja hadi kumi.

Dada wa Mombasa amesema kwa simu atafuata atakachosema mkubwa wake. Mkubwa ni huyo wa Mambrui. Kesho asubuhi navuka Sabaki na kumbukumbu hizi mkononi, nikamsomee yeye na mumewe ukurasa kwa ukurasa, na bibi amesema atakuja nami kama kutakuwa na pikipiki ya kumbeba polepole.